Sifuri Sawa na Mbili: Tuache Kuificha Saketi Isiyo na Jibu

Wanazuoni wenzangu, pekua madesa yote ya fizikia yanayozunguka pale vimbwetani, ya mwaka wa kwanza mpaka wa tatu. Utakuta saketi za kila aina: rezista sita, betri tatu, pembetatu, ngazi, hata zile zinazofanana na wavu wa samaki. Zote zina jambo moja linalofanana: zina jibu. Ukikaa na kalamu yako na kikokotoo, mwisho utapata namba. Usipoipata, tatizo ni wewe.

Mimi naona desturi hiyo inatunyima kitu. Zipo saketi ambazo hata ukiandika milinganyo yake kwa usahihi kabisa, bila kukosea alama hata moja, hazina jibu. Na sababu ya kukosa jibu inafundisha kuhusu umeme kuliko mazoezi kumi yenye majibu. Sisi tunaosomea ualimu, ambao kesho kutwa tutakuwa mbele ya ubao, tunapaswa kuzichora makusudi saketi hizo badala ya kuzikwepa. Hebu nieleze kwa nini, na twende taratibu.

Tuanze na njia yenyewe, ili hata mwenzetu wa Kiswahili na Historia asibaki nyuma. Nodi ni mahali nyaya zinapokutana. Njia ya nodi inasema hivi: chagua nodi moja uiite ardhi, yaani volti sifuri. Kila nodi iliyobaki ipe volteji isiyojulikana. Kisha kwa kila nodi andika mlinganyo mmoja: mkondo unaoingia ni sawa na mkondo unaotoka. Hiyo ni sheria ya Gustav Kirchhoff, aliyeitoa mwaka 1845 akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu pale Königsberg, na umri wa miaka 21. Alikuwa mdogo kwangu kwa mwaka mmoja, lakini hilo tuliache.

Kwa rezista kazi ni nyepesi, kwa sababu sheria ya Omu inatupa mkondo mara tu tukijua volteji. Kama nodi ina volteji v na rezista ya omu 4 inakwenda ardhini, mkondo unaopita ni v/4. Rezista ni kama muuzaji mwenye bei inayobadilika: mwambie volteji, atakwambia mkondo.

Chanzo cha volteji hakiko hivyo. Chanzo kamili cha volti 12 kinasema neno moja tu: "Kati ya miguu yangu miwili patakuwa na volti 12." Mkondo je? Hakisemi. Kitatoa ampea moja, kitatoa ampea elfu, kitapokea ampea hamsini kinyumenyume, chenyewe hakijali. Kwa hiyo tunapokiandika kwenye milinganyo, inabidi tuuhesabu mkondo wake kama kitu kingine kisichojulikana, halafu tuongeze mlinganyo wa volteji kilioahidi. Chanzo cha mkondo ni kinyume chake. Kinasema, "Kwangu zitapita ampea 3," basi. Volteji itakayohitajika ili zipite, hakina habari nayo.

Naomba neno "ahadi" ulishike, kwa sababu lote lililobaki linasimama juu yake. Alama ya chanzo kwenye karatasi si picha ya betri. Ni ahadi isiyo na masharti. Rezista inajadiliana, chanzo kamili hakijadiliani.

Sasa basi, turudi kwenye zile betri ambazo hazipo kwenye madesa. Chukua chanzo cha volti 12 na chanzo cha volti 10, vyote vikamilifu. Unganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, yaani sambamba. Pembeni weka rezista ya omu 4, nayo sambamba. Saketi ina nodi mbili tu, na moja ni ardhi. Iliyobaki tuiite v. Mkondo unaosukumwa na chanzo cha kwanza kuingia kwenye nodi ni i1, na wa chanzo cha pili ni i2. Milinganyo ni hii:

```
i1 + i2 = v/4
v = 12
v = 10
```

Ihesabu. Visivyojulikana ni vitatu, milinganyo ni mitatu. Tangu kidato cha pili tumezoeshwa kwamba idadi zikilingana mambo yameisha, tunaanza kupunguza. Haya, toa mlinganyo wa tatu kwenye wa pili. Upande wa kushoto v inajifuta. Upande wa kulia inabaki mbili. Tumepata:

```
0 = 2
```

Hapa ndipo mwanafunzi anapofuta ukurasa mzima na kuanza upya. Hakuna cha kufuta. Hajakosea. Milinganyo imesema ukweli wake wote.

Tazama ilivyofika hapo. Mlinganyo wa pili na wa tatu yote miwili inagombania kitu kimoja, v. Wakati huohuo mlinganyo mmoja tu, ule wa kwanza, ndio uliobebeshwa mikondo miwili, i1 na i2, na humo mikondo hiyo inaonekana kama jumla tu, haionekani kila mmoja peke yake. Yaani v ina wasemaji wawili, na mikondo miwili ina msemaji mmoja. Idadi zinalingana kwa jumla, lakini mgawanyo wake ni mbovu.

Na ubovu huo hautokani na 12 na 10. Badilisha, vyanzo vyote viwili viwe vya volti 12. Sasa ukitoa unapata 0 = 0. Mgongano umekwisha, v ni 12 bila ubishi, rezista inapitisha ampea 3. Lakini ampea hizo 3 zimetoka wapi? Labda kila chanzo kimetoa 1.5. Labda kimoja kimetoa zote 3 na kingine kimelala. Labda cha kwanza kinasukuma 103 na cha pili kinameza 100. Majibu yote hayo yanatimiza milinganyo, na hakuna kinachochagua kati yake. Kwa hiyo mara ya kwanza tulikosa jibu, mara ya pili tumepata majibu yasiyo na idadi. Kwa macho hayo ni mambo mawili yasiyofanana kabisa. Kwa upande wa kushoto wa milinganyo ni jambo moja.

Kompyuta inalijua hilo. Programu ya SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha Kalifonia kule Berkeley mwaka 1973 na ambayo wajukuu zake ndio wenzetu wa uhandisi wanaotumia leo, haiangalii kwanza ahadi zako ni za volti ngapi. Iandikie saketi yetu hivi:

```
* vyanzo viwili sambamba
V1 1 0 12
V2 1 0 10
R1 1 0 4
.op
.end
```

Tegemea kukutana na maneno `singular matrix`. Yaani jedwali la namba za upande wa kushoto halina kinyume chake, haliwezi kugeuzwa. Badilisha 10 iwe 12, jedwali linabaki lilelile, na lawama ni ileile. Ujumbe huo haukwambii kama ahadi zako zinapingana au zinarudiana. Unakwambia tu kwamba umeuliza swali ambalo milinganyo haina uwezo wa kulijibu. Kutofautisha hayo mawili ni kazi yako, na ndiyo kazi ya kufundishwa darasani.

Tugeuze upande wa pili. Chukua chanzo cha mkondo cha ampea 3 kinachoingiza kwenye nodi M. Kutoka nodi hiyohiyo, chanzo kingine cha mkondo kinachota ampea 2. Hakuna kingine kilichogusa nodi M. Andika mlinganyo wake: kinachoingia ni 3, kinachotoka ni 2. Volteji ya M iko wapi kwenye mlinganyo huo? Haipo popote! Hakuna rezista ya kuileta. Kwa hiyo mlinganyo ni sifuri mara v sawa na 1, yaani 0 = 1. Ukivifanya vyote viwili viwe vya ampea 3, unapata 0 = 0, na volteji ya M inaweza kuwa volti 5 au milioni 5, milinganyo haijali.

Umeona sura inavyojirudia? Kwenye kitanzi cha vyanzo vya volteji, ukizunguka na kujumlisha volteji kama Kirchhoff alivyoagiza, unajumlisha namba zinazojulikana tu. Kwenye nodi ya vyanzo vya mkondo, ukijumlisha mikondo, nako unajumlisha namba zinazojulikana tu. Kote kuwili umeandika mlinganyo usio na kitu cha kutafuta ndani yake. Na mlinganyo usio na kitu cha kutafuta una njia mbili tu za kuishi: ama ni uongo, kama 0 = 2, ama ni maneno matupu, kama 0 = 0. Hauwezi kukupa kitu chochote. Kila mlinganyo wa namna hiyo ukiingia kwenye orodha, umekula nafasi ya mlinganyo uliopaswa kufanya kazi, ndiyo maana mahali pengine kinabaki kitu kisichojulikana bila wa kukisemea.

Hiyo ndiyo sababu nzima. Mengine yote ni matokeo yake.

Najua mtu atauliza, "Lakini ile rezista ya omu 4 mbona ilikuwepo na haikusaidia?" Swali zuri sana, na jibu lake ndilo linalowachanganya wengi. Rezista ile ilikuwa sambamba na vyanzo, haikuwa ndani ya kitanzi. Kutoka chanya ya chanzo cha kwanza unaweza kwenda kwenye chanya ya chanzo cha pili na kurudi kwa njia ya hasi bila kuigusa kabisa. Ili isaidie, ni lazima isimame njiani, kati ya chanzo kimoja na kingine, ili tofauti ya volti 2 ipate pa kuangukia.

Kwa mikondo ni kinyume. Weka rezista ya omu 5 katikati ya vile vyanzo viwili vya mkondo, iwe njiani kabisa. Sasa una nodi mbili, M na N. Upande wa M, (vM − vN)/5 = 3. Upande wa N, (vM − vN)/5 = 2. Zitoe, unapata 0 = 1 kama mwanzo. Rezista ya njiani haijaokoa kitu, kwa sababu ampea moja ya ziada haihitaji kizuizi, inahitaji mlango wa kutokea. Weka rezista kutoka M kwenda ardhini, hapo ndipo v inaingia kwenye mlinganyo na jibu linapatikana.

Kutokana na hayo kuna vipimo viwili ambavyo mwanafunzi wa kidato cha tano anaweza kuvitumia kabla hajaandika mlinganyo wowote. Cha kwanza: weka kidole kwenye saketi, utembee ukipita kwenye waya na vyanzo vya volteji tu. Ukifanikiwa kurudi ulipoanzia bila kurudia njia, kuna kitanzi. Cha pili: futa vyanzo vyote vya mkondo kwenye mchoro. Ikiwa saketi imekatika vipande, kila kipande kilichojitenga kilikuwa kinategemea vyanzo vya mkondo peke yake. Kipimo hiki ni kipana kuliko kutazama nodi moja moja, maana mfano wa M na N hapo juu ungeupita. Ukitazama nodi M peke yake unaona rezista imeigusa, unaridhika. Ukifuta vyanzo ndipo unaona kwamba M, N na rezista yao vimebaki vinaelea peke yao.

Kuna mahali pengine ambapo vipimo hivi vinaokoa watu, hasa wanaotumia SPICE. Mkondo mnyoofu ukishatulia, kapasita haipitishi kitu, kwa hiyo ni sawa na chanzo cha mkondo cha ampea sifuri. Weka kapasita mbili mfululizo, nodi iliyo katikati yake imezungukwa na vyanzo vya mkondo vitupu, na programu itagoma ingawa hujachora chanzo chochote hapo. Koili nayo ikishatulia ni sawa na chanzo cha volti sifuri, na ukiiweka sambamba na chanzo cha volteji umeshafunga kitanzi. Mtu anakesha anatafuta kosa la herufi kwenye faili lake, kumbe hakuna kosa la herufi.

Sasa nije kwenye pingamizi kubwa. Juzi nilimweleza rafiki yangu mmoja wa uhandisi wazo la makala hii, akanicheka. "Ticha, acha hizo. Betri kamilifu haipo duniani. Mnakwenda kuwachanganya watoto na vitu ambavyo havipo." Wengine walikuwa wanatikisa kichwa kumuunga mkono.

Ana haki kwenye nusu ya kwanza. Betri kamilifu haipo. Kila betri ina ukinzani wa ndani, na ukinzani huo uko palepale tulipopataka, yaani njiani. Tuupe kila betri omu 0.1, tufanye hesabu upya:

```
(12 − v)/0.1 + (10 − v)/0.1 = v/4
```

Zidisha, panga, unapata 220 = 20.25v, yaani v ni kama volti 10.86. Rezista yetu inapitisha ampea 2.72 hivi. Jibu limepatikana, tena zuri. Lakini usiishie hapo, angalia mikondo ya betri. Ya volti 12 inatoa ampea 11.36. Ya volti 10 inatoa hasi 8.64, maana yake haitoi, inapokea. Kwenye saketi iliyokusudiwa kulisha rezista ampea tatu kasoro, ampea karibu tisa zinazunguka kati ya betri na betri, hazimfai mtu.

Punguza ukinzani wa ndani uwe omu 0.01 kila mmoja. Volteji inasogea kidogo tu, inakuwa 10.99. Lakini betri ya kwanza sasa inatoa ampea 101, na ya pili inameza karibu 99. Kadiri unavyozifanya betri zikaribie ukamilifu, ndivyo mkondo huo wa kuzunguka unavyopanda bila kikomo. Kwa hiyo 0 = 2 haikuwa upuuzi wa karatasi. Ilikuwa ni onyo: ukikaribia hapa, kuna kitu kitakuwa kikubwa mno. Saketi halisi huwa haikosi jibu. Inalo jibu, na jibu lenyewe ni waya kuyeyuka.

Kuna jambo jingine kwenye hesabu hiyo. Volteji inaelekea 11, katikati ya 12 na 10, na mtu anaweza kusema basi jibu la saketi kamilifu ni 11. La hasha. Ilielekea 11 kwa sababu nilizipa betri zote ukinzani sawa. Kama ukinzani wa ya pili ungekuwa mara tatu ya ya kwanza, v ingeelekea 11.5, hata ukiupunguza wote kwa pamoja mpaka ukaribie sifuri. Jibu linaamuliwa na kitu ambacho mchoro wa betri kamilifu ulikificha. Ndiyo maana milinganyo ilikataa kujibu: haikupewa habari inayotosha, na ilikuwa na uaminifu wa kutobahatisha.

Nusu ya pili ya hoja ya rafiki yangu, kwamba watoto hawatakutana na vitu hivi, hiyo siikubali hata kidogo. Atazame nyumba yenye umeme wa jua. Pale kuna betri mbili za volti 12 zimefungwa sambamba. Tuseme moja imejaa, iko volti 12.7, na nyingine imeisha, iko volti 12.0. Tofauti ni volti 0.7 tu, mtu anaona si kitu. Lakini ukinzani wa ndani wa betri kubwa ni mdogo sana. Tukichukua jumla ya omu 0.02, mkondo wa wakati wa kuziunganisha ni 0.7 gawanya kwa 0.02, ampea 35, kabla hujawasha taa hata moja. Fundi mzuri anazichaji zote kwanza zilingane ndipo anaziunga. Huenda hajui neno matriksi, lakini anajua ahadi mbili zisizolingana zisiwekwe kwenye kitanzi kimoja.

Panda sasa juu ya bati, kwenye paneli zenyewe. Paneli ya jua, mpaka volteji yake ikaribie kikomo, inafanana sana na chanzo cha mkondo: mwanga ndio unaoamua ampea ngapi. Zifunge mbili mfululizo. Jua likiwa safi kila moja inatoa, tuseme, ampea 8, na nodi iliyo kati yake haina shida: zinaingia 8, zinatoka 8. Mchana tawi la mwembe linaitia kivuli paneli moja, sasa yake ni ampea 5. Nodi ya katikati inaletewa 8 na kuchotwa 5. Ni ule mlinganyo wetu kabisa, sifuri sawa na tatu.

Kwa kuwa paneli si kamilifu, ampea 3 za ziada zitatafuta mlango. Ama zinarudi ndani ya paneli yenye jua, mkondo wa mstari mzima unashuka mpaka 5, na umeme mwingi unapotea. Ama mzigo ukilazimisha ampea 8 zipite, paneli yenye kivuli inasukumwa kinyume, volteji yake inageuka hasi, na badala ya kuzalisha umeme inaula na kupata joto mpaka seli zake zinaungua. Ndiyo maana kwenye kiboksi kilicho nyuma ya paneli kunawekwa dayodi zinazoupa mkondo wa ziada njia ya kupita pembeni ya seli zenye kivuli. Mtengenezaji ameweka mlango pale milinganyo iliposema unahitajika.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa walimu wenzangu watarajiwa ni dogo. Ukienda kwenye mazoezi ya kufundisha na ukapewa mada ya saketi, katika maswali kumi weka moja la kitanzi cha vyanzo vya volteji na moja la vyanzo vya mkondo vinavyokutana. Usiwaambie mapema. Waache wafike 0 = 2 wenyewe. Kisha usisahihishe kwa kalamu nyekundu, waulize maswali matatu: Ni ahadi zipi zimegongana? Ukizilinganisha, ni kitu gani kinabaki hakijulikani? Na ili saketi ipate jibu, rezista iwekwe njiani au iwekwe pembeni? Swali la tatu ndilo litakalokuonyesha nani ameelewa na nani amekariri, kwa sababu haliwezi kujibiwa kwa kikokotoo.

Na kwa walimu wetu wanaotunga mitihani hapa chuoni, kwa heshima zote, tunaomba hata swali moja ambalo jibu lake sahihi ni "haiwezekani, na sababu ni hii". Najua kuna watakaosema tutasapu wengi. Pengine mwaka wa kwanza. Lakini mwanafunzi anayeamini kwamba kila saketi iliyochorwa lazima iwe na namba mwisho wake, siku akiona 0 = 2 atafuta karatasi yake sahihi na kuandika namba ya uongo ili tu apate kitu cha kupigia mstari chini.